Derivativi ya logi ya besi yoyote

Derivativi ya logi ya besi yoyote ni kanuni ya hisabati inayoeleza jinsi logi ya namba inavyobadilika pale namba yenyewe inapoongezeka kidogo. Kwa besi b na namba chanya x, kanuni hiyo huandikwa hivi:

d/dx log_b(x) = 1 / (x ln b)

Alama ln humaanisha logi asilia, yaani logi yenye besi e, ambayo ni takribani 2.71828. Kanuni hii haihitaji kukaririwa peke yake. Mtu anayejua derivativi ya logi asilia na kanuni ya kubadili besi anaweza kuipata kwa mistari miwili.

Makala hii inaonyesha njia hiyo, kisha inaitumia kwa idadi ya watu wa Mkoa wa Singida, Tanzania, kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2022. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu besi yake si 10, si 2, wala si e.

## Logi na besi yake

Logi ni jibu la swali: besi ipandishwe kwa kipeo gani ili kupata namba iliyotolewa? Kwa kuwa 10 × 10 × 10 = 1,000, logi ya 1,000 kwa besi 10 ni 3. Kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8, logi ya 8 kwa besi 2 ni 3 pia. Kwa hiyo maneno "logi ya namba fulani" hayajakamilika mpaka besi itajwe au ijulikane.

Mskoti John Napier alichapisha majedwali ya kwanza ya logi mwaka 1614. Mwingereza Henry Briggs ndiye aliyeandaa majedwali ya besi 10, na ni besi hiyo iliyotumika katika vitabu vya majedwali ya tarakimu nne ambavyo wanafunzi wengi wa sekondari Afrika Mashariki walivitumia kabla ya vikokotoo kuenea. Kwenye kikokotoo cha kisayansi kitufe `log` hutoa logi ya besi 10, na kitufe `ln` hutoa logi asilia.

Besi inaweza kuwa namba yoyote chanya isipokuwa 1. Namba 1 hukataliwa kwa sababu 1 ikipandishwa kwa kipeo chochote hubaki 1, hivyo haiwezi kufikia 8 wala 1,000.

## Kanuni ya kubadili besi

Tuseme y = log_b(x). Kwa maana ya logi, hii ni sawa na kusema:

b^y = x

Tukichukua logi asilia ya pande zote mbili, kipeo y hushuka chini na kuwa kizidishio:

y ln b = ln x

Tukigawanya kwa ln b tunapata:

log_b(x) = ln x / ln b

Hii ndiyo kanuni ya kubadili besi. Inafaa kuitazama kwa makini kabla ya kuendelea. Katika upande wa kulia, x imo katika kiasi tu. Katika asili kuna ln b, na kwa kuwa besi haibadiliki, ln b nayo ni namba moja isiyobadilika. Kwa hiyo logi ya besi yoyote ni logi asilia iliyozidishwa kwa namba moja tu, yaani 1/ln b.

Kwa besi 10, ln 10 ni takribani 2.3026, na 1/2.3026 ni 0.4343. Hivyo kila logi ya besi 10 ni logi asilia iliyozidishwa kwa 0.4343. Grafu ya logi ya besi 10 ni grafu ya logi asilia iliyobanwa kuelekea chini. Kwa besi 2, ln 2 ni takribani 0.6931, na 1/0.6931 ni 1.4427, hivyo grafu yake ni ile ile iliyovutwa kwenda juu. Grafu zote hupita katika nukta moja, pale x inapokuwa 1 na logi inapokuwa 0.

## Kutoka kubadili besi hadi derivativi

Derivativi ya fanksheni katika nukta fulani ni mteremko wa grafu yake katika nukta hiyo. Kwa logi asilia derivativi ni 1/x. Hilo huonekana hivi: kama y = ln x, basi e^y = x. Fanksheni e^y ina sifa ya pekee kwamba derivativi yake kwa y ni e^y yenyewe. Tukitafuta derivativi ya pande zote mbili kwa x, tunapata:

e^y · dy/dx = 1

Kwa hiyo dy/dx = 1/e^y, na kwa kuwa e^y ni x, jibu ni 1/x.

Sasa logi ya besi b huandikwa kwa kanuni ya kubadili besi:

log_b(x) = (1/ln b) · ln x

Namba isiyobadilika inayozidisha fanksheni huzidisha derivativi yake vivyo hivyo. Kwa hiyo:

d/dx log_b(x) = (1/ln b) · (1/x) = 1 / (x ln b)

Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini e huitwa besi ya asili. Kwa kuwa ln e = 1, besi e ndiyo pekee ambayo haiachi kizidishio chochote katika derivativi. Besi nyingine zote huacha alama yao, na alama hiyo ni ln b. Pale x inapokuwa 1, mteremko wa logi ya besi 2 ni 1.4427, wa besi e ni 1, na wa besi 10 ni 0.4343.

## Mfano: idadi ya watu wa Mkoa wa Singida

Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika Mkoa wa Singida. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 2,008,058. Mtu anayepanga shule, visima au zahanati hujiuliza swali lililogeuzwa. Haulizi tu "baada ya miaka mitano kutakuwa na watu wangapi?" bali pia "tuna muda gani kabla ya watu kuongezeka kwa idadi fulani?" Swali la pili hujibiwa kwa logi.

### Kupata besi

Tuchukulie kwamba kila mwaka idadi ya watu ilizidishwa kwa namba ile ile b. Baada ya miaka 10 imezidishwa kwa b^10, hivyo:

b^10 = 2,008,058 / 1,370,637 = 1.46505

Logi asilia ya 1.46505 ni 0.3819. Tukigawanya kwa 10 tunapata ln b = 0.03819, na kutoka hapo b = 1.0389. Maana yake ni kwamba katika muongo huo idadi ya watu ilizidishwa kwa takribani 1.0389 kila mwaka.

Muda t, kwa miaka, wa kutoka idadi ya mwanzo A hadi idadi P ni kipeo ambacho b inapaswa kupandishwa. Kwa hiyo:

t = log_b(P/A)

Hii ni logi ya besi 1.0389. Hakuna kitabu cha majedwali chenye besi hiyo, wala kikokotoo cha kawaida hakina kitufe chake. Kanuni ya kubadili besi huondoa tatizo:

t = ln(P/A) / 0.03819

Kwa mfano, muda wa idadi ya watu kuongezeka maradufu ni ln 2 / 0.03819, yaani 0.6931 / 0.03819, ambayo ni takribani miaka 18, kama kasi hiyo ingeendelea.

### Kutafuta derivativi

Derivativi ya t kwa P inaeleza ni muda gani unapita kwa kila mtu mmoja anayeongezeka. Logi ya P/A ni ln P kutoa ln A, na ln A haibadiliki, hivyo derivativi yake ni sifuri. Kinachobaki ni:

dt/dP = 1 / (P ln b) = 1 / (0.03819 P)

Idadi ya mwanzo A imetoweka kabisa. Muda wa kumpata mtu mmoja zaidi hautegemei hesabu ilianzia wapi, bali idadi iliyopo sasa na besi tu.

Kwa mwaka 2012, P = 1,370,637. Tukizidisha kwa 0.03819 tunapata 52,345. Kwa hiyo dt/dP ni 1/52,345 ya mwaka. Mwaka wa siku 365 una dakika 525,600, na 525,600 / 52,345 ni takribani dakika 10.

Kwa mwaka 2022, P = 2,008,058. Tukizidisha kwa 0.03819 tunapata 76,688, na 525,600 / 76,688 ni takribani dakika 6.9.

Besi haikubadilika katika hesabu hii, lakini muda wa kuongezeka mtu mmoja umepungua kutoka dakika 10 hadi chini ya dakika 7. Sababu ni x iliyo katika asili ya kanuni: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo grafu ya logi inavyolala.

Kwa mpangaji tofauti hiyo si ndogo. Kwa fomula ya t, kutoka idadi ya mwaka 2012 watu 100,000 zaidi waliongezeka kwa takribani miezi 22. Kutoka idadi ya mwaka 2022 watu 100,000 wanaofuata wangeongezeka kwa takribani miezi 15. Ratiba ya ujenzi iliyotosha mwanzoni mwa muongo ingechelewa kwa miezi saba mwishoni mwake.

Hesabu hizi ni za ongezeko halisi, yaani waliozaliwa na waliohamia mkoani, wakiondolewa waliofariki na waliohama. Dakika 6.9 si muda kati ya mtoto mmoja na mwingine kuzaliwa.

### Derivativi ni ya hapo ulipo

Derivativi ni sahihi kwa ongezeko dogo. Kutoka watu 2,008,058, derivativi husema watu 1,000 zaidi wataongezeka kwa 1,000/76,688 ya mwaka, yaani siku 4.76. Fomula kamili ya logi nayo hutoa siku 4.76.

Kwa ongezeko kubwa mambo hubadilika. Derivativi husema watu 76,688 wataongezeka kwa mwaka mmoja kamili. Fomula kamili hutoa 0.981 ya mwaka, yaani takribani siku 7 pungufu. Sababu ni kwamba kadiri watu wanavyoongezeka ndani ya mwaka huo, kasi ya kuongezeka nayo hupanda, wakati derivativi inatumia kasi ya siku ya kwanza pekee. Kwa hiyo muda mrefu hukokotolewa kwa logi yenyewe, na derivativi hutumika kwa hatua fupi.

## Makosa ya kawaida

Kusahau ln b. Mwanafunzi aliyezoea logi asilia huandika 1/x kwa logi yoyote. Katika mfano wa Singida kosa hili lingetoa 1/2,008,058 ya mwaka kwa kila mtu, yaani mtu mmoja zaidi kila sekunde 16. Kwa mwaka mkoa ungeongeza watu milioni mbili, jambo lisilowezekana.

Kutumia kitufe cha `log` badala ya `ln`. Hili ni gumu zaidi kugundua kwa sababu jibu halionekani la ajabu. Logi ya 1.0389 kwa besi 10 ni 0.01659. Mtu akiitumia badala ya 0.03819 atapata ongezeko la watu takribani 33,300 kwa mwaka mwishoni mwa muongo, badala ya 76,688. Njia ya kulitambua ni kulinganisha na wastani. Kati ya sensa mbili waliongezeka watu 637,421, yaani wastani wa 63,742 kwa mwaka. Kasi sahihi ya mwanzo, 52,345, iko chini ya wastani huo, na kasi sahihi ya mwisho, 76,688, iko juu yake, kama inavyotakiwa. Kasi ya 33,300 mwishoni mwa muongo iko chini ya wastani, hivyo haiwezi kuwa kweli pale ambapo kasi imekuwa ikipanda.

Inafaa kukumbuka kwamba katika kanuni ya kubadili besi yenyewe vitufe vyote viwili hutoa jibu moja, mradi kitufe kile kile kitumike katika kiasi na katika asili. Uhuru huo hauendelei kwenye derivativi. Hapo ni ln tu, kwa kuwa 1/x ni derivativi ya logi asilia peke yake.

Kuweka ln b katika kiasi. Kosa hili hutokana na kuchanganya logi na fanksheni ya kipeo. Derivativi ya b^x ni b^x ln b, na hapo ln b huzidisha. Katika logi ln b hugawanya. Fanksheni hizi mbili ni kinyume cha nyingine, hivyo mteremko wa moja ni mteremko wa nyingine uliopinduliwa.

Kutumia kanuni pale besi inapobadilika. Katika log_x(5), x iko kwenye besi. Kanuni ya 1/(x ln b) haifai hapo, kwa sababu ilipatikana kwa kuchukulia kwamba ln b haibadiliki. Lakini kubadili besi bado kunafaa: log_x(5) = ln 5 / ln x. Sasa ln 5 ndiyo isiyobadilika, na derivativi ya 1/ln x ni −1/(x (ln x)^2). Jibu ni:

d/dx log_x(5) = −ln 5 / (x (ln x)^2)

## Mipaka ya kanuni

Kanuni hutumika kwa x kubwa kuliko sifuri, kwa sababu namba hasi na sifuri hazina logi katika namba halisi. Besi nayo lazima iwe chanya na isiwe 1. Kubadili besi kunaonyesha sababu kwa namna nyingine: ln 1 ni sifuri, na haiwezekani kugawanya kwa sifuri. Kadiri besi inavyokaribia 1, ndivyo ln b inavyokuwa ndogo na mteremko kuwa mkali. Kwa besi 1.0389, mteremko pale x inapokuwa 1 ni takribani 26.2, ukilinganishwa na 0.4343 wa besi 10.

Besi ikiwa kati ya 0 na 1, ln b huwa hasi, na derivativi nayo huwa hasi kwa kila x. Grafu hushuka badala ya kupanda. Hali hiyo hutokea pale kitu kinapopungua kwa uwiano ule ule: kiasi kinachobaki kikiwa kikubwa, muda uliopita ni mdogo.

Mpaka wa mwisho hautoki kwenye kanuni bali kwenye matumizi yake. Hesabu ya Singida inachukulia kwamba besi ni moja kwa muongo mzima. Kati ya sensa za 2002 na 2012 mkoa ulikua kwa takribani asilimia 2.3 tu kwa mwaka. Kama ln b ingekuwa 0.023, idadi ya watu 2,008,058 ingetoa mtu mmoja zaidi kwa kila dakika 11.4, wala si 6.9. Kwa hiyo anayeitumia kanuni hii kwa miaka ijayo anapaswa kuikokotoa besi upya kila takwimu mpya za sensa zinapotoka.